Mtoto akisema “mimi si msichana”: wazazi wa Malindi wanayoyaogopa na ukweli wake

Dhana: Mvulana anayejifunga leso ya mamake na kucheza na wasichana, jinsia yake ina walakini.

Ukweli: Ule ni mchezo. ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, unasema tabia na mapendeleo pekee hayatoshi kumwekea mtu jina la hali ya kuhisi kuwa jinsia yake si ile aliyozaliwa nayo. Kwa asiyebaleghe, lazima iwe imedumu miaka kama 2, na iambatane na kuuchukia mwili wake na hamu kubwa ya kuwa wa jinsia nyingine.

Dhana: Ukimpeleka kwa mtaalamu, atarudi na homoni.

Ukweli: Hofu hii ndiyo huwafungia wazazi mlango. Kabla ya kubaleghe hakuna dawa wala upasuaji wa hali hii. Kwa waliobaleghe, wataalamu wenyewe wanavutana: Uingereza iliacha mwaka 2024 kuwaandikia watoto dawa za kusimamisha balehe kama tiba ya kawaida, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu.

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 13, Muyeye. Tangu aanze hedhi anajifunga kifua kwa bandeji, hapati usingizi, na anasema yeye ni mvulana. Shangazi anasema ni jini. Jirani anasema ni TikTok. Mtaalamu mwangalifu huzungumza na mama, kisha na binti peke yake, kisha wote pamoja. Huuliza: hisia hizi zilianza utotoni au matiti yalipochomoza? Anachukia nini hasa? Kuna anayemdhihaki shuleni, au aliyemgusa kwa nguvu? Huangalia pia dalili za usonji na huzuni kubwa. Huzuni ikipatikana hutibiwa mara moja, bila kusubiri jibu la jinsia, na jibu lenyewe huenda likachukua miezi mingi. “Bado hatujui” ni jibu halali, ingawa wazazi wengi hulichukia.

Bandeji nayo isisahauliwe. Asilale nayo, na akiumwa mbavu au pumzi ikimbana, aivue. Sidiria ya michezo inayomtosha ni salama zaidi.

Dhana: Ukimuuliza kama anataka kufa, unamtia wazo hilo.

Ukweli: Hapana. Muulize waziwazi: “Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?” Akikubali, usimwache peke yake, funga vidonge na sumu ya panya kabatini, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Dhana: Kipigo na kisomo vitamtoa hali hiyo.

Ukweli: Dua ya mzazi haimdhuru mtoto. Viboko, kumfungia chumbani na kumnyima chakula humdhuru, na humfundisha kuficha. Mama anaweza kusema, “Sijaelewa bado, lakini nataka unieleze,” bila kukubali wala kukataa lolote. Shangazi ajibiwe kwa adabu kuwa binti anaonwa na daktari, na habari zake zisipelekwe kwenye WhatsApp ya ukoo.