x²sin(1/x): mteremko upo kila mahali, lakini hautulii

Kila mwaka nikisahihisha mtihani wa uchambuzi wa hisabati wa mwaka wa kwanza, kuna swali moja ambalo najua kabla sijafungua karatasi litakuwa limejibiwaje. Swali lenyewe ni fupi: fanksheni hii ina derivativu, yaani mteremko, kwenye sifuri au haina?

```
f(x) = x² sin(1/x)   x ≠ 0
f(0) = 0
```

Wanafunzi wengi huanza vizuri kabisa. Wanatumia kanuni ya kuzidisha na kanuni ya mnyororo, na wanapata hiki, ambacho ni sahihi kwa kila x isiyo sifuri:

```
f'(x) = 2x sin(1/x) − cos(1/x)
```

Kisha wanaipeleka x kwenye sifuri. Sehemu ya kwanza inakufa, kwa sababu saini haizidi 1 na 2x inakwenda sifuri. Sehemu ya pili, cos(1/x), haitulii: inapanda hadi 1 na kushuka hadi −1 bila kuacha. Hapo mwanafunzi anaandika kwa wino uliokolea: "Kikomo hakipo, kwa hiyo f'(0) haipo." Na hapo ndipo anapopoteza alama.

Mwaka jana mmoja alinifuata baada ya kurudishiwa karatasi. "Mwalimu, hesabu yangu ina kosa wapi?" Nilimjibu kwamba hesabu haina kosa hata kidogo. Kosa liko kwenye neno "kwa hiyo". Alichokitafuta ni kikomo cha derivativu za majirani wa sifuri. Swali lilikuwa juu ya derivativu ya sifuri yenyewe, na hiyo ina maana yake mahsusi: unachukua nukta h karibu na sifuri, unaunganisha (0, 0) na (h, f(h)) kwa mstari ulionyooka, unapima mteremko wa mstari huo, kisha unaisogeza h kwenye sifuri.

```
(f(h) − f(0)) / h = h sin(1/h)
```

Ukubwa wa h sin(1/h), bila kujali alama, hauzidi ukubwa wa h. Umebanwa kati ya −h na h, na vyote viwili vinakwenda sifuri. Basi f'(0) ipo, na ni 0. Grafu nzima inapita katikati ya parabola mbili, y = x² na y = −x², na parabola hizo zinagusana kwenye sifuri zikiwa zimelala. Kitu kilichobanwa humo hakina njia ila kulala nacho.

Nilimwambia achukue kikokotoo tufanye namba mbele ya macho yetu. Jambo la kwanza nililokagua ni kama kimewekwa kwenye radiani. Kikiwa kwenye digrii, kitatoa namba zinazoonekana za kawaida lakini ni za fanksheni nyingine, na kanuni ya f' hapo juu haitaifaa. Tukaweka h = 0.01. Mteremko wa mstari kutoka sifuri ulitoka −0.00506, ilhali f'(0.01) ilitoka −0.872. Kwa h = 0.001 tulipata 0.00083 upande mmoja na −0.561 upande wa pili. Kwa h = 0.0001, mstari kutoka sifuri ulikuwa na mteremko wa −0.00003, lakini f' yenyewe ilikuwa imeruka hadi 0.952. Safu ya kwanza inaelekea sifuri, tena kwa haraka. Safu ya pili haielekei popote. Zote mbili zimetoka kwenye fanksheni ile ile na nukta zile zile.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko lile la mtihani: inakuwaje grafu inalala, na wakati huohuo inabaki na miinuko mikali kiasi kile?

Jibu liko kwenye umbo la mawimbi yake. Grafu inakata mhimili wa x kila mahali ambapo 1/x ni kigawe cha π, yaani kwenye 1/π, 1/(2π), 1/(3π), na kuendelea. Tuchukue wimbi moja tu tulitazame kwa karibu, lile lililo kati ya 1/(201π) na 1/(200π). Linaanza kwenye 0.00158363 na kuishia kwenye 0.00159155, kwa hiyo upana wake ni takriban 0.00000792. Kimo chake ni takriban mraba wa x pale lilipo, yaani 0.00000252. Gawanya upana kwa kimo: unapata karibu 3.14. Hiyo namba haikujileta kwa bahati. Upana wa wimbi kati ya 1/((k+1)π) na 1/(kπ) ni 1/(πk(k+1)), ambayo kwa k kubwa ni karibu sawa na πx². Kimo ni x². Vyote viwili vinapungua kwa mwendo mmoja.

Maana yake ni kwamba ukisogea karibu na sifuri, kila wimbi ni nakala ndogo ya lile lililotangulia, ikiwa imepunguzwa kwa usawa pande zote, kama picha inayopunguzwa bila kubadilishwa umbo. Na picha ikipunguzwa kwa usawa, mteremko haubadiliki. Wimbi letu linaondoka kwenye 1/(201π) likipanda kwa mteremko wa 1 kamili, na linatua kwenye 1/(200π) likishuka kwa mteremko wa −1 kamili. Wimbi la milioni moja litafanya vivyo hivyo. Mtu anayetembea juu ya grafu hii kuelekea sifuri atapanda na kushuka vilima vyenye ukali ule ule hadi mwisho, lakini vilima vyenyewe vitakuwa vidogo mno hata akitazamwa kutoka sifuri aonekane anatembea kwenye tambarare.

Hapo ndipo unapoona kwa nini kipeo ni cha pili na si kingine. Ukiandika x sin(1/x), kimo cha wimbi kinakuwa x huku upana ukibaki karibu πx². Mawimbi yanazidi kuwa marefu na membamba, na mstari kutoka sifuri una mteremko wa sin(1/h), usiotulia; derivativu ya sifuri haipo. Ukiandika x³ sin(1/x), kimo ni x³ na upana ni ule ule, kwa hiyo mawimbi yanazidi kuwa bapa, na f' inatulia kwenye sifuri bila kukatika. Kipeo cha pili kiko katikati: kinatosha kuilaza grafu, lakini hakitoshi kuituliza miteremko yake.

Sasa mwanafunzi makini huwa na pingamizi moja, na nalipenda kwa sababu linaonyesha amesoma. Thiorem ya thamani ya wastani inasema kwamba mteremko wa mstari kutoka 0 hadi h ni sawa na f'(c) kwa c fulani iliyo kati yao. Mstari una mteremko unaokwenda sifuri. Basi si f' nayo ingekwenda sifuri? Ingekuwa hivyo kama c tungeichagua sisi. Chukua h = 1/(200π). Hapo f(h) = 0, kwa hiyo mstari umelala kabisa na thiorem inaahidi tu kwamba kuna c ambapo f'(c) = 0. Ni kweli, iko: karibu na kilele cha kila wimbi kuna nukta ya namna hiyo. Thiorem inatupeleka vileleni na kwenye mabonde, mahali ambapo mteremko ni sifuri au mdogo. Haisemi lolote juu ya mbavu za vilima, na mbavuni ndiko f' inakofika 1 na −1.

Lakini thiorem hiyo hiyo inaokoa nusu ya kile alichofanya yule kijana. Kama fanksheni haikatiki kwenye sifuri na f' ya majirani ina kikomo L, basi haijalishi c imeangukia wapi, f'(c) itakwenda L, na f'(0) itakuwa L. Njia yake ni halali kikomo kikipatikana. Kisipopatikana haisemi lolote, na lazima urudi kwenye mstari kutoka sifuri. Huwa nawaomba wanafunzi waiandike sentensi hiyo kwa maneno yao wenyewe kwenye daftari, kwa sababu wengi hukumbuka nusu ya kwanza na kuigeuza.

Kutokana na hilo hilo tunajua kwamba derivativu, hata inapokatika, haikatiki kiholela. Gaston Darboux, Mfaransa, alionyesha mwaka 1875 kwamba derivativu, hata ikikatika, ikipata thamani mbili hupita kwenye kila thamani iliyo kati yake. Kwa hiyo derivativu iliyopo kila mahali haiwezi kuwa 0 kushoto kwa nukta na 1 kulia kwake, kama ngazi. Ikikatika kwenye nukta, basi angalau upande mmoja haina kikomo. Huko kuyumba kwa cos(1/x), kunakoonekana kama ujanja wa watunga mitihani, ndiyo njia yenyewe ambayo derivativu inayo ya kukatika.

Na kuna madhara mtu anaweza kuyashika mkononi. Ongeza x kwenye fanksheni yetu, na mawimbi uyazidishe mara mbili:

```
g(x) = x + 2x² sin(1/x),   g(0) = 0
```

Kwa hesabu ile ile ya mstari kutoka sifuri, g'(0) = 1. Ni chanya, tena si kidogo. Wengi wangesema bila kusita kwamba basi g inapanda inapopita kwenye sifuri. Lakini kwenye 1/(200π) mteremko wake ni 1 − 2 = −1, na hivyo hivyo kwenye 1/(202π), 1/(204π), bila mwisho. Hakuna kipande chochote kinachozunguka sifuri, hata kiwe chembamba namna gani, ambacho ndani yake g inapanda moja kwa moja. Kilicho kweli ni kidogo kuliko hicho: kwa h chanya iliyo chini ya nusu, g(h) haipungui h − 2h², ambayo ni kubwa kuliko sifuri, na upande wa hasi mambo ni kinyume chake. Kila jirani wa kulia yuko juu ya sifuri, kila jirani wa kushoto yuko chini yake. Majirani wenyewe kwa wenyewe hawana mpangilio huo. Wangeupata kama g' isingekatika, kwa sababu derivativu iliyo 1 kwenye sifuri na isiyokatika hapo ingelazimika kubaki chanya hadi umbali fulani kila upande.