Ukalimani wa papo kwa papo: kwa nini mkalimani huchelewa makusudi

Ukivaa visikilizio kwenye mkutano pale kituo cha mikutano cha AICC, Arusha, utaona sauti ya Kiswahili inakufikia nyuma kidogo ya midomo ya msemaji. Wengi hudhani mitambo ndiyo mizito. Sivyo: ni mkalimani, kule ndani ya kibanda cha kioo, anayesubiri.

Ukalimani wa papo kwa papo ni kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, huku msemaji akiendelea bila kusimama. Mwachano kati ya kinachosikika na kinachotamkwa huwa sekunde 2 hadi 4 hivi. Ukimfuata msemaji kwa karibu mno unatafsiri maneno badala ya maana, na sentensi ikigeuka mwishoni imekunasa. Ukibaki mbali mno kichwa kinajaa, kisha kitu kinadondoka, mara nyingi tarakimu.

Anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili ana sababu zake za kusubiri. Kwanza ni ngeli. Kiingereza hutanguliza idadi, ukubwa na upya, kitu chenyewe kikaja mwisho. Sisi bila jina hatuwezi hata kutamka "tatu": ni vitatu, mitatu, matatu au watatu? Kwa hiyo unazishika sifa zote kichwani mpaka jina lije. Tarakimu nazo zina mambo yake. Kwa Kiingereza 340 hutajwa kwanza, ndipo ujue kama ni elfu au milioni. Kiswahili kwa kawaida huanza na hiyo milioni. Mimi niliwahi kusema "elfu thelathini na tano" nikimaanisha 35,000, mjumbe mmoja akaandika 30,005. Hakukosea, Kiswahili changu ndicho kilichoruhusu. Tangu siku ile husema "thelathini na tano elfu".

Kusubiri kuna kikomo, na sentensi za hotuba hazina. Hapo ndipo mkalimani hukata vipande: kila wazo likikamilika analitoa kama sentensi fupi inayojitegemea, bila kungoja nukta ya msemaji. Tuseme mtu anazungumzia kahawa kwa Kiingereza, na maneno yake, yakiwekwa kwa Kiswahili kwa mpangilio wake, ni haya: "Kwa vile, kama wenzangu walivyokwisha kueleza vizuri sana jana, wakulima wadogo wa Moshi na Rombo, ambao wengi wao bado hawajalipwa, hawatapata ruzuku mpya isipokuwa wawe wamejiandikisha kabla ya tarehe 30 Juni, nawaomba na kuwasihi viongozi wa ushirika watangaze."

Ukianza na "kwa vile" umejifunga, maana utadaiwa kishazi kikuu ambacho hukijui bado. Mkalimani hukaa kimya mpaka wakulima watajwe, halafu: "Wakulima wadogo wa Moshi na Rombo wengi bado hawajalipwa. Hawatapata ruzuku mpya wasipojiandikisha kabla ya tarehe 30 Juni. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa ushirika watangaze." "Kwa vile" ya mwanzoni imegeuka "kwa hiyo" ya mwishoni, na sababu haikupotea. Tarehe ameiandika mwenzake kwenye karatasi pale kibandani. Wakalimani hukaa wawili na kupokezana kila dakika 20 hadi 30, na anayepumzika hapumziki hasa.

Tazama kilichoachwa: wenzangu wa jana, na "kuwasihi", ambayo ni "nawaomba" tena. Maneno 100 hadi 120 kwa dakika yanabebeka vizuri. Anayesoma karatasi iliyoandikwa hupita 150 bila kujua, na hapo lazima kitu kishuke. Shukrani ndefu hushuka kwanza, kisha maneno pacha kama "mipango na mikakati", kisha mfano wa pili wa jambo lililokwisha kueleweka. Orodha ndefu hufupishwa kwa haki: "wilaya saba, zikiwemo Moshi na Rombo", mradi saba umezisikia kweli. Kiasi kikikupita, sema "kiasi kilichoonyeshwa kwenye slaidi" kama kipo pale. Kukisia ni kudanganya.

Visivyoguswa ni vidogo kwa umbo: ule "ha-" wa "hawatapata", sharti la kujiandikisha, nani anamwomba nani, na tofauti ya "lazima" na "anaweza". Silabi moja ya ukanushi ikidondoka, wakulima wamepewa ruzuku ambayo hakuna aliyewaahidi.

Haya yote ni ya mkutano. Mahakamani kusitasita kwa shahidi nako ni sehemu ya ushahidi, hakuachwi. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa Arusha hadi 2015, ilisikiliza mashahidi wa Kinyarwanda huku kesi ikiendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwenye chumba cha namna hiyo, mwendo ukizidi, mkalimani hapunguzi maneno. Anafungua kipaza sauti na kuomba msemaji apunguze kasi.