Silva iliyofanya weusi: foili na soda zinavyoirudisha

Mkufu wa silva umenunuliwa kwa sonara mjini Mwanza ukimeremeta, ukawekwa kabatini, na baada ya miezi michache umetoka na weusi. Wengi huamini walibambikiwa. Mara nyingi hawakubambikiwa: silva halisi ndivyo inavyofanya, hasa ile yenye mhuri wa 925, maana yake sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba.

Weusi huo ni salfaidi ya fedha. Silva hukutana na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo hutoka popote vitu vinapooza pasipo hewa ya kutosha: matope ya ufukweni, magugumaji yaliyorundikana, mabaki ya samaki. Unyevunyevu wa kando ya ziwa huharakisha kazi hiyo. Mayai, vitunguu na hata raba bendi navyo vina salfa, ndiyo maana kijiko cha kulia mayai huwahi kubadilika rangi kuliko vingine.

Ukikisugua kwa jivu, dawa ya meno au stilwaya, weusi unatoka pamoja na silva yenyewe. Njia ya foili, ile karatasi nyembamba ya alumini ya jikoni, inafanya kinyume. Alumini hushikana na salfa kwa urahisi kuliko fedha, kwa hiyo katika maji ya moto yenye bekingi soda, alumini huachia elektroni, fedha iliyofungwa kwenye salfaidi huzipokea na kurudi kuwa fedha palepale ilipo, nayo salfa huondoka. Soda haisafishi silva. Kazi yake ni kuondoa ngozi nyembamba ya oksaidi inayoifunika alumini na kuruhusu umeme upite majini. Ndiyo maana silva lazima iguse foili. Ikielea au ikikaa juu ya kitambaa, utasubiri bure.

Tuchukue mkufu mmoja wa 925 na vijiko sita vya chai. Vioshe kwanza kwa sabuni, kwa sababu mafuta ya ngozi na ya chakula huzuia mguso. Tandika foili ndani ya bakuli la glasi au la udongo. Upande unaong'aa au uliofifia, vyote ni sawa. Panga vijiko na mkufu juu yake. Nyunyiza vijiko vinne vya mezani vya bekingi soda na kimoja cha chumvi, kisha mimina taratibu lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka, maana yatatoa povu. Fungua dirisha. Harufu ya yai viza ikisikika kidogo, ujue kazi inaendelea.

Angalia dukani usipewe bekingi pauda. Ina asidi ndani yake, na asidi hiyo huila soda uliyokuwa unaihitaji. Magadi ya kuivishia maharage ni makali zaidi na huila foili haraka, kwa hiyo hapa tuyaache. Sufuria ya alumini nayo ingefanya kazi ya foili, lakini itatoka na madoa meusi, na mwenye jiko hatafurahi.

Baada ya dakika mbili hadi tano vijiko huwa vyeupe. Mkufu ni msumbufu: pete zake zimegusana kupitia weusi wenyewe, ambao haupitishi umeme vizuri, hivyo utauona umesafika vipandevipande. Ugeuze kwa mwiko ili sehemu nyeusi ziikute foili. Maji yakipoa, au foili ikifanya kijivu, badilisha vyote urudie. Suuza, kausha mara moja, kisha sugua kwa kitambaa laini cha pamba, kwani silva iliyorudi huwa na uso wenye vinyweleo na hufifia kidogo mpaka isuguliwe.

Kama kijiko kimebaki na wekundu au umanjano sehemu inayosuguana sana, hicho kilipakwa silva juu tu, na ngozi yake imekwisha. Mara nyingi huwa na herufi EPNS mgongoni. Foili haiwezi kurudisha silva iliyolika. Hiyo ni kazi ya kupaka upya. Ukijani nao ni wa shaba, na njia hii haiutoi.

Usizamishe lulu, opali, wala jiwe lililogandishwa kwa gundi. Visu vyenye mpini mtupu ndani mara nyingi vimeshikwa kwa gundi au lami, na maji ya moto huviachanisha. Vifute kwa kitambaa chenye mchanganyiko mzito wa soda na maji, na usisugue kwa nguvu. Na kama pambo lina nakshi ambazo sonara alizitia weusi makusudi ili zionekane, foili haitajua tofauti. Itazing'arisha zote, na kuurudisha ule weusi ni kumlipa sonara mara ya pili.