Kiini, mirengu na mwanzi: jumba refu linavyosimama kwenye upepo

Ukimwuliza mtu upepo mkali unaweza kulifanya nini jumba la ghorofa 60, huenda akajibu kwamba unaweza kuliangusha. Hofu hiyo inaeleweka, ila ugumu wa kazi haupo hapo. Tuchukue jumba moja la mfano, twende nalo mpaka mwisho. Kimo chake ni mita 240, lina umbo la mraba, na kila upande wake una mita 40.

Upepo wa karibu kilomita 140 kwa saa unalipiga usoni. Ukuta wa mbele unasukumwa. Ukuta wa nyuma nao unavutwa, kwa kuwa hewa inayokimbia pembeni huacha nyuma ya jumba mahali penye mgandamizo mdogo. Ukijumlisha kule kusukuma na kule kuvuta, unapata wastani wa kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukuta una mita za mraba 9,600, kwa hiyo upepo wote unasukuma kwa karibu tani 1,150. Kwa kweli upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini, lakini wastani unatutosha.

Sasa tazama uzito wa jumba lenyewe. Zege, chuma, kuta na vilivyomo ndani vinaweza kufika tani 96,000. Ukipiga hesabu ya kulipindua kama kabati, upepo huo ungehitaji kuwa na nguvu mara 14 hivi ya ile iliyopo. Jumba halipinduki. Linachofanya ni kupinda, kama fito iliyochomekwa ardhini, na hapo ndipo usanifu wote wa majumba marefu ulipo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kilele kisihame zaidi ya sehemu moja ya 500 ya kimo, yaani kwa jumba letu sentimita 48. Kikizidi hapo, vioo na kuta za ndani huanza kupasuka na milango hukwama. Hata kabla ya hayo, watu wa ghorofa za juu huanza kuhisi kichefuchefu. Mwili hausumbuliwi na umbali ambao sakafu imehama. Unasumbuliwa na jinsi mwendo unavyobadilika upesi, kwenda na kurudi.

Kiungo cha kwanza cha kuzuia kupinda ni kiini. Ni lile sanduku la kuta nene za zege katikati ya jumba, ambamo hupita lifti, ngazi, mabomba na nyaya. Kuta hizo zingejengwa hata hivyo, kwa sababu lifti zinahitaji shimo na ngazi zinahitaji kinga ya moto, basi zinapewa na kazi ya kushindana na upepo. Tuseme kiini chetu kina upana wa mita 16. Upepo wa tani 1,150, ukiuchukulia kana kwamba unasukuma katikati ya kimo, yaani mita 120 juu ya ardhi, unalikunja jumba kwenye mizizi yake kwa nguvu ya tani-mita 138,000, yaani tani 1,150 mara mita 120. Ili kulipinga hilo, ukuta mmoja wa kiini lazima ukandamizwe na ule wa mkabala uvutwe. Gawanya 138,000 kwa mita 16: kila upande unapata karibu tani 8,600.

Lau tungeweza kuzipeleka nguvu hizo mpaka kwenye kingo za jumba, ambako nafasi ni mita 40 badala ya 16, zingeshuka hadi tani 3,450. Faida ya ukakamavu ni kubwa zaidi, maana ukakamavu hukua kwa mraba wa umbali: zege na chuma kilekile, kikisogezwa mara mbili na nusu mbali zaidi, hupinga kupinda mara sita na zaidi. Ni mtu yuleyule anayesukumwa ndani ya basi, akiwa amebana miguu au ameitanua. Kwa maoni yangu, ukilishika jambo hili moja umeshika sehemu kubwa ya fani. Mifumo mingine yote ni njia za kulifanya jumba litanue miguu.

Njia ya kwanza ina mfano ambao mtu wa pwani anaujua. Ngalawa ni chombo chembamba kisichoweza kusimama vizuri peke yake, kwa hiyo hutolewa mirengu pande mbili, na kwenye ncha za mirengu hufungwa vipande vya mbao vinavyogusa maji. Upepo ukilala upande mmoja, mbao za upande huo hukataa kuzama. Katika jumba, kiini ndicho mtumbwi. Mirengu ni mikono mikubwa ya chuma au zege, mara nyingi yenye kimo cha ghorofa moja au mbili, inayotoka kwenye kiini na kushika nguzo za kingoni. Kiini kikitaka kupinda, mikono nayo inataka kuzunguka pamoja nacho. Nguzo za upande mmoja zinakataa kubanwa, za upande wa pili zinakataa kuvutwa, na kwa kukataa huko zinakinyoosha kiini.

Turudi kwenye jumba letu. Tuseme tumeweka seti moja ya mirengu karibu na katikati ya kimo, mahali panapofaa zaidi kama seti ni moja tu, na kwamba inabeba theluthi ya ile nguvu ya kukunja. Kila upande wa nguzo unapata karibu tani 1,150. Nguzo za upande huohuo tayari zimebeba uzito wa sakafu, labda tani 12,000. Kwa hiyo hata zile zinazovutwa haziinuki. Zinapunguziwa mzigo kidogo tu. Uzito uliokuwa umekaa kimya kwenye kingo umefanywa nanga, na hilo ndilo linalonifanya niupende mfumo huu. Mikono yenyewe hufichwa kwenye ghorofa za mitambo, zile za pampu na mashine za kupoza hewa, ambako hakuna mpangaji wa kulalamika kwamba boriti imemkatia chumba.

Mirengu ina mpaka wake, na mpaka huo huonekana wakati wa ujenzi. Zege hufupika polepole kwa miezi na miaka likibebeshwa mzigo. Kiini na nguzo hazifupiki kwa kiasi kimoja, na katika jumba refu tofauti inaweza kufika sentimita kadhaa. Mikono ikifungwa kabisa mapema, tofauti hiyo inaibebesha nguvu kubwa siku ambayo hata upepo hakuna. Kwa sababu hiyo, viungo vya mwisho huachwa vikiwa vimelegea hadi jumba lifike juu na sehemu kubwa ya ufupikaji iwe imekwisha, ndipo vikazwe. Jambo lingine ni kwamba mirengu hupunguza kukunjwa tu. Ule msukumo wa kando wenyewe, tani zote 1,150, bado hushuka ardhini kupitia kiini.

Njia ya pili inaacha kutegemea katikati na kuufanya ukuta wa nje ndio uwe mwili. Fikiria mwanzi: ndani ni mtupu, nyama yote iko pembeni, na bado hauvunjiki upesi. Fazlur Khan, mhandisi aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929 na kufanya kazi Chicago, ndiye aliyeufanya mfumo huu wa mwanzi kuwa silaha ya kawaida ya majumba marefu. Nguzo za nje hupangwa karibukaribu na kuunganishwa na boriti nene kila ghorofa, mpaka ukuta unakuwa kama bomba lililotobolewa madirisha. Sakafu zinafanya kazi ya vifundo vya mwanzi, zinalizuia bomba lisibonyee. Minara pacha ya World Trade Center jijini New York ilijengwa hivi, ikiwa na nguzo 59 kila upande, zenye nafasi ya takriban mita moja tu kutoka katikati ya moja hadi nyingine.

Bomba la madirisha si bomba kamili. Boriti hupinda kidogo kati ya nguzo, kwa hiyo nguzo za kona hubeba zaidi ya fungu lao na za katikati ya ukuta hubeba pungufu, kana kwamba habari ya upepo inachelewa kuzifikia. Khan alilijibu hilo kwa namna mbili. Katika jengo la John Hancock la Chicago, lililokamilika mwaka 1969 likiwa na ghorofa 100, alipitisha mihimili mikubwa ya mshazari usoni mwa jumba ili nguzo zote zishirikiane. Katika Sears Tower, yenye kimo cha mita 442, alifunga mabomba tisa pamoja kama fungu la mianzi, na kuta za ndani zikasambaza mzigo ambao kona zingeubeba peke yake.

Yote hayo yanajibu upepo unaosukuma mbele. Jumba likiwa refu na jembamba, adui mkubwa zaidi mara nyingi huja kutoka ubavuni. Hewa inapopita kona, hujikunja kuwa visulisuli vinavyojitenga na jumba kwa zamu, kushoto kisha kulia, na kila kimoja kikiondoka hulivuta jumba upande. Kwa umbo la mraba lenye upana wa mita 40 na upepo wetu uleule, zamu hiyo hujirudia kila sekunde 8.5 hivi. Jumba letu, likiguswa na kuachwa liyumbe lenyewe, huenda na kurudi kwa takriban sekunde 5. Haviafikiani, tumepona. Lakini jumba la upana huohuo likipandishwa hadi kimo cha mita 400, litayumba kwa sekunde 8 au 9. Sasa kila kisulisuli kinafika kwa wakati wake, kama mtu anayesukuma bembea, na mwendo unakua hata kama upepo hauongezeki.

Kuongeza zege hapo husaidia kidogo kwa gharama kubwa. Dawa nzuri zaidi ni kuharibu mpangilio wa visulisuli. Mfano wa jumba, pamoja na majengo ya jirani, huwekwa kwenye handaki la upepo juu ya meza inayozungushwa, ukapimwa kutoka kila upande. Kwa Taipei 101, mnara wa mita 508, vipimo vilionyesha kwamba kona zikikatwa kuwa na vipembe kama ngazi, nguvu ya kukunja chini ya mnara inapungua kwa karibu robo, na ndivyo zilivyojengwa. Burj Khalifa hubadili umbo kadiri inavyopanda, ili visulisuli vya ngazi moja ya kimo visilingane na vya ngazi nyingine.

Mwendo unaobaki hupozwa. Ndani ya Taipei 101 kuna tufe la chuma la tani 660 lililoning'inizwa kwa nyaya kama timazi la fundi. Mnara ukienda kushoto, tufe huchelewa nyuma, na mikono ya mafuta iliyoungwa chini yake huugeuza mwendo huo kuwa joto. Watu hupanda kulitazama, na siku ya kimbunga huliona likicheza taratibu huku sakafu waliyosimama ikitulia.