Mapendekezo ya wafanyakazi: lini yanageuka kazi za kujuana?

Dhana: Zawadi ya mfanyakazi anayemtaja mtu wa kuajiriwa ikinona, watakuja watu bora.
Zinaongezeka barua, si ubora. Mwenye kuona fedha nyingi atataja hata jirani ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi. Kinacholeta tofauti ni siku ya kulipa. Toa theluthi moja mgeni anapoanza kazi, na mbili zilizobaki anapothibitishwa baada ya kipindi cha majaribio. Wawili wakimtaja mtu mmoja, alipwe aliyetangulia kuwasilisha jina. Msimamizi wa nafasi hiyo asilipwe kitu, maana ndiye anayeamua nani aajiriwe.

Dhana: Mfanyakazi mzuri huleta mzuri mwenzake.
Mara nyingi huleta anayefanana naye. Tuseme kampuni ina watu kumi, na ndani ya mwaka inajaza nafasi nne kwa mapendekezo, zote kupitia muuzaji mmoja mwenye marafiki wengi. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini sasa watano kati ya kumi na wanne ni kundi moja: wanafika kikaoni wameshakubaliana, msimamizi anasita kumkemea mmoja wao, na siku muuzaji akihama, huenda akaondoka na wenzake.

Dalili huonekana mapema ukihesabu. Kwa kila nafasi, andika waombaji walikuja kwa njia gani na waliishia wapi. Tangazo likileta 40 na usaili ukaita 2, huku mapendekezo 6 yakiitwa 5, karatasi hiyo inatosha kukuuliza maswali. Pengine hao watano walistahili kweli. Njia ya kujua ni kuwapa wote jaribio moja la maandishi na kulisahihisha majina yakiwa yamefichwa. Tangazo nalo litoke siku ileile mnayoomba mapendekezo, aliyependekeza asikae kwenye jopo la usaili, na asije akawa msimamizi wa mtu aliyemleta.

Dhana: Watu hawana wa kuleta ila marafiki.
Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa akionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengi walipata habari ya kazi kwa watu wa kuonana nao siku mojamoja. Kwa hiyo badilisha swali. Ukiuliza "Unamjua nani anayetafuta kazi?", jibu la kwanza litakuwa rafiki au ndugu. Uliza badala yake, "Ulikofanya kazi zamani, nani ungemwachia hesabu za mteja ukaenda likizo?"

Dhana: Asiyechukuliwa hana haja ya kujibiwa.
Mjibu, na aliyemleta pia umwambie matokeo, hata kwa sentensi mbili. Akikaa mwezi mzima bila neno huku rafiki yake akimuuliza kila siku, hatakuletea jina jingine.