Kupata enthalpi ya mmenyuko kwa mteremko wa grafu ya log K dhidi ya 1/T

Joto linalofyonzwa au kutolewa na mmenyuko linaweza kupatikana bila kalorimita. Kinachohitajika ni kujua konstanti ya msawazo, K, katika halijoto kadhaa. Chora log K kwenye mhimili wa wima na 1/T kwenye mhimili wa mlalo, pima mteremko wa mstari, kisha uzidishe kwa namba moja tu. Grafu hii huitwa grafu ya van 't Hoff, kwa jina la Jacobus Henricus van 't Hoff, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya kwanza kabisa, mwaka 1901.

Mstari huo unatokana na milinganyo miwili inayohusu nishati huru ya Gibbs. Wa kwanza ni ΔG° = −RT ln K, na wa pili ni ΔG° = ΔH° − TΔS°, ambamo ΔH° ni badiliko la enthalpi, yaani joto tunalolitafuta, ΔS° ni badiliko la entropi, na T ni halijoto kwa kelvini. Ukiilinganisha na kugawanya kila upande kwa −RT, kisha ukageuza logi asilia kuwa logi ya kizio cha 10, unapata:

```
log K = −(ΔH° / 2.303 R) × (1/T) + ΔS° / 2.303 R
```

Huu ni mlinganyo wa mstari mnyoofu. Mteremko wake ni −ΔH°/2.303R, na R ni 8.314 J kwa kelvini kwa moli. 2.303 ni 2.3026 iliyokadiriwa, na 2.3026 × 8.314 ni 19.14, kwa hiyo kanuni ya kufanyia kazi ni fupi: ΔH° = −19.14 × mteremko, na jibu linatoka kwa juli kwa moli. Mstari ukishuka kuelekea kulia, mteremko ni hasi na mmenyuko unafyonza joto. Ukipanda, mmenyuko unatoa joto. Wengi hukosea hapa kwa sababu kwenda kulia katika grafu hii ni kwenda kwenye baridi, si kwenye joto.

Tuchukue maji yanayojigawa yenyewe kuwa ioni, H₂O ⇌ H⁺ + OH⁻. Konstanti yake, Kw, imepimwa kwa umakini mkubwa katika halijoto nyingi. Vipimo vitatu vinatosha kuonyesha kazi yote:

```
°C    T (K)     1/T (K⁻¹)    log Kw
 0    273.15    0.003661     −14.94
25    298.15    0.003354     −14.00
50    323.15    0.0030945    −13.26
```

Kwanza tumia ncha mbili. Kutoka 50 °C hadi 0 °C, log Kw inashuka kwa 1.68, na 1/T inaongezeka kwa 0.0005665. Mteremko ni −1.68 ÷ 0.0005665, yaani takriban −2966, na kipimo chake ni kelvini. Zidisha kwa −19.14: ΔH° ni karibu 56 800 J, au 56.8 kJ kwa moli. Kalorimita, kwa kupima joto linalotoka asidi kali inapokutana na besi kali katika myeyusho mwepesi, hutoa 55.8 kJ kwa moli kwenye 25 °C. Njia mbili tofauti kabisa zimepishana kwa chini ya asilimia 2.

Mstari huo huo unatoa pia entropi. Ukiurefusha hadi 1/T = 0, unakata mhimili wa wima karibu na −4.08, na ukizidisha kwa 19.14 unapata ΔS° ya takriban −78 J kwa kelvini kwa moli. Ila isiaminiwe kama enthalpi. Vipimo vyetu viko mbali sana na sifuri ya 1/T, hivyo kosa dogo la mteremko linakuzwa hadi linapofika kwenye mhimili.

Sasa angalia nukta ya katikati, ambayo bado hatujaitumia. Kama ncha mbili zingeungwa kwa rula, mstari ungepita 25 °C kwenye −14.03. Kipimo halisi ni −14.00, juu kidogo ya rula. Tofauti ya 0.03 ni ndogo kwa macho, lakini inazidi kosa la kukadiria desimali mbili, na ina maana. Hesabu mteremko wa kila nusu peke yake: kati ya 0 na 25 °C unapata 58.6 kJ kwa moli, na kati ya 25 na 50 °C unapata 54.6. Enthalpi yenyewe inapungua maji yanapopata joto, kwa sababu ioni na molekuli za maji hazina uwezo sawa wa kubeba joto. Mlinganyo wa mstari mnyoofu unadhani ΔH° haibadiliki, na dhana hiyo hufaa kwa masafa mafupi ya halijoto. Ukiona nukta zinapinda kwa mpangilio, zote za katikati zikiwa upande mmoja wa mstari, usilazimishe rula. Chora mkunjo laini na upime mteremko wa tanjenti kwenye halijoto unayoitaka. Nukta zikitawanyika huku na huku bila mpangilio, hapo tatizo ni upimaji.

Je, basi tupime katika masafa mafupi sana ili kukwepa mkunjo? Hapo tunaangukia shida ya pili. Kati ya 20 na 30 °C, log Kw inabadilika kwa takriban 0.33 tu. Kosa la 0.01 katika tofauti hiyo ni asilimia 3 ya jibu zima, karibu 1.7 kJ kwa moli. Katika masafa ya nyuzi 50 kosa hilo hilo halifiki hata asilimia 1. Kwa maoni yangu, nyuzi 30 hadi 50 zenye nukta tano au sita ni chaguo zuri kwa mmenyuko wa kawaida katika myeyusho: masafa yanatosha kupata mteremko imara, na nukta zinatosha kuonyesha mkunjo ukiwapo.

Makosa mengine hujitambulisha kwa ukubwa wake. Jibu likiwa dogo au kubwa kwa mara 2.3, umechanganya logi asilia na logi ya kizio cha 10. Nukta zikikataa kabisa kukaa karibu na mstari, angalia kama T imeingizwa kwa selsiasi badala ya kelvini. Ugumu zaidi upo pale mmenyuko unapokuwa haujafika kwenye msawazo katika baridi, maana nukta za kulia hutoka mahali pake bila kelele. Dawa yake ni kuukaribia msawazo katika halijoto hiyo kutoka pande mbili, mara ukianza na viambato na mara na mazao. Thamani za K zikitofautiana, subiri zaidi.

Kwa gesi kuna jambo moja zaidi. Ukitumia K iliyojengwa kwa ukolezi badala ya shinikizo, mteremko hautoi ΔH° bali ΔU°, badiliko la nishati ya ndani. Katika N₂O₄ ⇌ 2NO₂, moli moja ya gesi inazaa mbili, kwa hiyo viwili hivyo vinapishana kwa RT, karibu 2.5 kJ kwa moli kwenye 25 °C. ΔH° ya mmenyuko huo ni takriban 57 kJ kwa moli, na anayetumia ukolezi atapata kama 55. Ongeza RT, na jibu linarudi mahali pake.