Keri ya magodoro na pepo za kusi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kusi likishashika, mwezi wa Mei na Juni, hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja zinafanya matengenezo kabla wageni hawajajaa. Ndipo magodoro, makochi na makabati yanapotoka mjini kwenda Paje, Jambiani na Michamvi, mengi yao juu ya keri, yale magari madogo ya mizigo tunayoyajua wote. Kazi hiyo nimeifanya miaka minane. Maneno niliyoyasikia vituoni kuhusu upepo ni mengi, na mengine niliyaamini mpaka siku yaliponifikisha pembeni ya lami.

"Gari ikishapakia, upepo hauiwezi"

Hili ndilo kubwa, na nusu yake ni kweli, ndiyo maana haliishi. Mzigo mzito uliolala chini unaisaidia gari. Mzigo mwepesi uliosimama juu unaimaliza. Upepo haujui gari imebeba kilo ngapi, unachokiona ni ubavu tu.

Chukua keri moja. Ikiwa tupu ina kilo 750 hivi. Mpandishe dereva, weka magodoro 10 ya sponji ya inchi 6, yaliyolazwa moja juu ya jengine. Uzito unafika kilo 920, lakini mzigo umepanda mita moja na nusu juu ya bodi, na ubavu wote wa kukamata upepo sasa ni kama mita za mraba 7 na nusu. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukipiga ubavu huo sawasawa unausukuma kwa nguvu kama ya kilo 70. Ukifika 60, ni kilo 150. Ukifika 80, ni kilo 270. Tazama hesabu inavyokwenda: kasi ya upepo imezidi mara mbili, kutoka 40 hadi 80, na nguvu imezidi karibu mara nne. Wengi tunadhani upepo ukiongezeka kidogo na hatari inaongezeka kidogo. Sivyo.

Kuiangusha keri hiyo ikiwa imesimama kunahitaji msukumo wa kilo 500 hivi. Kwa hiyo kwa upepo wa 80 haijaanguka, lakini magurudumu ya upande unakotoka upepo yamebakiwa na nusu tu ya uzito yanayobeba siku zote. Dereva anaihisi gari nyepesi mkononi, kama inaelea. Sasa toa magodoro, weka mifuko 7 ya saruji, kilo 350. Ubavu umerudi mita 4 na nusu. Upepo uleule wa 80 unausukuma kwa kilo 160, na gari hiyo inahitaji kilo 800 ndipo ilale. Ni gari moja, njia moja, upepo mmoja, na iliyobeba uzito mkubwa zaidi ndiyo iliyo salama.

Fuso lenye boksi linalorudi mjini tupu lina tabia ya keri ya magodoro. Kwenda na mzigo wa soda lilitulia kama nyumba, kurudi dereva anakwenda kwa mwendo uleule wa asubuhi, na boksi ni lilelile. Kama ni turubali juu ya vyuma na gari haina kitu, lifungue ulikunje kabisa, upepo upite. Usiliache limelegea, maana litajaa kama tanga la ngalawa.

"Upepo ndio unaopindua gari"

Kwa pepo zetu za kawaida, upepo peke yake haupindui. Anayepindua, mara nyingi, ni dereva anayejibu upepo. Na jambo hili linatokea pale upepo unapoanza ghafla au unapokatika ghafla, si pale unapovuma mfululizo.

Njia ya Paje inafundisha hili vizuri kuliko nyingine yoyote hapa Unguja. Ndani ya msitu wa Jozani umebanwa na miti mirefu pande zote, na matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju yamekupunguza mwendo. Ukitoka msituni kuelekea Paje miti inakuwa vichaka vya maweni, chini chini, na kiu ya kuchapuka inakushika kwa sababu matuta yameisha. Njia inakwenda mashariki, kusi linatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo linakupata ubavuni upande wa kulia. Yaani unaongeza mwendo palepale ulipopoteza kinga.

Siku yangu ilikuwa hapo. Nilikuwa na magodoro, nikisukumwa kushoto, na bila kujua nikawa nimeushikilia usukani kidogo kulia ili gari iende sawa. Mkono ukishazoea hivyo huhisi tena kwamba umekunja. Likaja basi la watalii, kubwa, limepita ubavuni mwangu. Kwa kitambo kama cha kupepesa jicho lile basi likanikinga na upepo. Usukani wangu bado ulikuwa kulia, upepo haupo, gari ikaruka kulia kulifuata basi. Nikakata kushoto kwa nguvu. Wakati huohuo basi limepita, upepo umerudi, nao unasukuma kushoto. Vitu viwili vikanisukuma upande mmoja, gurudumu la kushoto likatoka lami likaingia kwenye mchanga. Nilinusurika kwa sababu nilikuwa kilomita 50 tu. Ami yangu, aliyenifundisha gari, nilipomhadithia aliuliza jambo moja: "Ulirudisha kwa pupa?" Nikamwambia, la, ami, niliiachia. Akanyamaza, akaendelea na kahawa yake.

Kuiachia ndiyo kazi yenyewe. Unaondoa mguu kwenye mafuta, hukanyagi breki kwa nguvu, unaiacha gari iende moja kwa moja na gurudumu moja nje mpaka mwendo umekufa, ndipo unairudisha taratibu. Ukingo wa lami wetu mara nyingi uko juu ya mchanga kwa kimo cha kiganja. Ukikata usukani kuupanda kwa kasi, tairi inakwaruza ukingo, inakataa, inakataa, halafu inapanda mara moja na gari nzima inatupwa upande wa pili.

Kabla hujafika huko, mambo ni machache. Mikono miwili kwenye usukani. Ukiona basi au fuso linakuja mbele na upepo uko ubavuni, punguza mwendo mapema na ujue kwamba utavutwa kwanza, kisha utasukumwa. Usilipite lori siku hiyo kama si lazima, na ukikutana na mwenye baiskeli au vespa mpe nafasi ya gari nzima, kwa sababu yeye anayumba zaidi yako. Mwendo ukiwa 80, sekunde moja ya kushtuka ni mita 22. Ukiwa 40 ni mita 11, na mita 11 zinatosha kurekebisha kwa vidole tu.

"Tangazo la TMA ni la wavuvi"

Mamlaka ya Hali ya Hewa inaposema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, madereva tunazima redio. Neno "mawimbi" linatufanya tuone halituhusu. Lakini upepo huo hauishii ufukweni, na hiyo 40 ni ya upepo wa wastani. Mvumo wa ghafla unaweza kuzidi hapo kwa nusu nzima, na hapo tuko kwenye 60, kwenye kilo 150 za ile keri.

Kama redio hukuisikia, shuka garini. Ukisimama wazi, matawi makubwa yanayumba na mwavuli haushikiki, ni 40 au zaidi. Miti mizima ikiyumba na wewe unatembea kwa kuinama, umeshapita 50, na mzigo wa magodoro ungoje jioni au upungue nusu. Magodoro matano kwa safari mbili yanakula mafuta, najua. Minazi usiitumie kupimia. Mnazi unayumba hata kwa upepo wa kuanikia nguo.

"Darajani kuna kuta, upepo haupiti"

Ukuta wa daraja kwa kawaida unafika kimo cha kiuno au kifua. Unakinga matairi. Boksi la fuso liko juu yake lote. Na chini ya daraja ni bonde au maji, ambako upepo haukukwaruzwa na nyumba wala miti, kwa hiyo unafika na nguvu zake zote. Kwa Pemba, yenye vilima na mabonde, gari inashuka kutoka baina ya vilima vilivyoikinga na kukuta upepo umebanwa ndani ya bonde kama uchochoroni. Wanaovusha mizigo Dar es Salaam na kupita Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo juu ya bahari, hawana pa kupumzikia mpaka mwisho. Uamuzi wa kupita au kutopita ni wa kabla ya kupanda. Ukishakuwa juu, shika njia yako, mwendo mdogo usiobadilika, usimpite mtu.

"Vumbi au moshi, washa taa kubwa"

Moshi wa tanuri ya chokaa au wa konde linalochomwa unalala chini alfajiri, kabla upepo haujaamka, na vumbi la njia inayojengwa linasimama nyuma ya kila lori. Taa kubwa inapiga chembe hizo na kukurudia machoni kama shuka jeupe. Washa taa ndogo za kuendeshea, zile zinazotazama chini. Taa za dharura gari ikiwa inakwenda zinawadanganya walio nyuma kwamba umesimama, na tena hawaoni unapotaka kukata kona. Mwendo upimwe kwa unachokiona. Kwa kilomita 50 unahitaji karibu mita 30 kusimama kwenye lami kavu. Huoni mita 30, basi 50 ni nyingi.

Huoni kabisa? Toka njiani, si kusimama juu ya lami ukingoje kupungue. Toka mpaka magurudumu yote manne yawe nje, mbali kadiri ardhi inavyoruhusu, vuta breki ya mkono, kisha zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki. Hilo la kuzima taa linawashangaza watu. Lakini dereva aliye nyuma yako, naye haoni kitu, anatafuta taa nyekundu ya kuifuata akidhani iko barabarani.